Wastani 400, lakini kaya nane kati ya tisa haziufikii: mchango upangweje?

Mwanzisha mada: Kaya tisa za mtaani zimetaja kipato cha mwezi, kwa maelfu: 120, 120, 120, 150, 200, 220, 250, 300 na 2,120. Wastani ni 400. Kamati ya mtaro inataka kila kaya itoe asilimia 10 ya wastani huo, yaani 40. Ni haki?

Mpenda Hesabu: Hesabu haina kosa: jumla 3,600 gawanya kwa 9. Lakini mwondoe mwenye 2,120, wastani unaporomoka hadi 185. Kaya moja ndiyo imewapandisha wengine wote kwenye karatasi. Mwenye 120 akitoa 40, theluthi ya kipato chake imekwenda. Tumieni mediani.

Kijana wa Kona: Naunga mkono mediani. Chukua wa chini na wa juu, gawa kwa mbili: 1,120.

Mpenda Hesabu: Hapo umepata katikati ya ncha mbili, na yule yule tajiri bado anakuvuta. Panga kaya kwa safu, hesabu hadi ya tano: 200. Nne ziko chini yake, nne juu. Hata tajiri akipata mara kumi zaidi, 200 haitikisiki.

Mhasibu Mstaafu: Sawa, ila mtaro haujengwi kwa mediani. Asilimia 10 ya 200 ni 20. Mara tisa ni 180. Bajeti ni 360, na wastani ndio pekee unaokurudisha kwenye jumla. Kila kaya ikitoa asilimia 10 ya kipato chake yenyewe, mnapata 360 ile ile: wa 120 anatoa 12, wa 2,120 anatoa 212. Sioni ugumu uko wapi.

Mama Pacha: Mimi ni kibarua, mwezi mmoja napata 300, unaofuata sifuri. Mniandike wapi? Na tuko saba nyumbani.

Mhasibu Mstaafu: Chukua miezi 12, jumlisha, gawa kwa 12. La watu saba ni zito zaidi, maana orodha hii inahesabu kaya, haihesabu midomo.

Kijana wa Kona: Basi modi! 120 imejitokeza mara tatu, ndiyo hali ya wengi.

Mpenda Hesabu: Watatu kati ya tisa si wengi. Tena watu hutaja kipato kwa kukadiria. Wangesema 118, 120 na 123, modi yako ingeyeyuka. Kwa mapato, panga kwanza kwa makundi, kama 100 hadi 199, ndipo utazame kundi lililojaa.

Mama Pacha: Na hao watatu wa 120 wakishuka hadi 60?

Mpenda Hesabu: Mediani inabaki 200. Hapo umenibana.

Mwanzisha mada: Ya kila mtu kutoa kwa kipato chake naipenda, lakini yule wa 2,120 akijua atalipa 212, mwakani atataja 2,120 tena?