Uvumi dhidi ya bidhaa: tujibu hadharani au tunyamaze?

Muulizaji: Mteja ameandika mtandaoni kwamba sabuni yetu imemuunguza ngozi. Mkurugenzi anataka tutoe tamko katika kurasa zetu zote leo hii. Je, hatutakuwa tunaueneza uvumi sisi wenyewe?

Msemaji mstaafu: Ikiwa waliosoma bado ni wachache, tamko hilo litawafanya wafuasi wenu wengi waisikie habari hiyo kwanza kutoka kwenu. Mjibuni pale pale alipoandika: mpeni pole, mshaurini aache kuitumia, ombeni namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye pakiti, na mtajieni saa mtakayorudi na majibu. Jina na simu yake vihamie kwenye ujumbe wa faragha, lakini matokeo yarudi hadharani, kwa kuwa wengi huisahau hatua hiyo na msomaji wa baadaye hubaki akiona malalamiko yasiyo na mwisho. Msiuite uvumi kabla ya kupima sampuli ya toleo hilo, maana huenda anasema kweli.

Mwanasheria: Kama ni uongo, kuna njia fupi zaidi: liombeni jukwaa liliondoe andiko hilo.

Msemaji mstaafu: Njia hiyo inafaa kwa akaunti inayojifanya kampuni yenu, si kwa mlalamikaji. Machi 2010, shirika la mazingira la Greenpeace lilitoa video iliyoihusisha chokoleti ya Kit Kat na ukataji wa misitu kwa ajili ya mafuta ya mawese. Nestlé, mtengenezaji wa Kit Kat, ilipoomba video hiyo iondolewe YouTube kwa hoja ya hakimiliki, watu waliinakili na kuisambaza kwingine, na majibu makali ya ukurasa wake wa Facebook yakawapandisha hasira zaidi.

Muuza vipodozi: Mimi ninasumbuliwa na watu wanaonipa nyota moja ilhali sijawahi kuwauzia chochote. Niwaombe radhi nao pia?

Mhudumu wa wateja: Hilo ni jambo jingine, dada. Andika kwamba huoni oda yake na umwombe namba ya risiti, bila kumwita mwongo. Wanaosoma wataona wenyewe iwapo ataitoa.

Mwanasheria: Bado naona kunyamaza kuna usalama, kwa sababu pole inaweza kusomwa kama kukiri kosa.

Msemaji mstaafu: Pole kwa maumivu yake haisemi ni nani aliyeyasababisha. Kampuni ya piza ya Domino's nayo ilisita mwaka 2009, wafanyakazi wake wawili walipojirekodi wakichafua chakula na kuiweka video YouTube. Viongozi walihofia kuwashtua wasiojua, na video ikatazamwa na watu wengi mno kabla kiongozi wa kampuni hajajibu huko huko YouTube.

Mhudumu wa wateja: Basi tamko la wote litolewe lini? Mimi ningesubiri wauzaji wa rejareja waanze kupiga simu, au watu wasiomtaja mlalamikaji waanze kuuliza.

Msemaji mstaafu: Simu za wauzaji, nakubali. Ila kwa bidhaa inayogusa ngozi, mlalamikaji wa pili mwenye namba ile ile ya toleo angenitosha kusimamisha mauzo ya toleo hilo na kutangaza.

Mwanasheria: Kutangaza kabla ya majibu ya maabara? Hapo hatutaelewana.