Uzi wa malalamiko: fomu inatupa viambatisho, kisha inakulaumu kwamba hujaambatisha

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, hili limenikera na nalisema wazi. Skrinshoti hiyo ni ukurasa wa pili wa maombi ya leseni kwenye tovuti ya serikali. Naisoma kisanduku kwa kisanduku, asije mtu akasema waombaji hawajui kusoma.

Juu kabisa, "Aina ya mwombaji *" imechaguliwa "Mtu binafsi". Hapo sawa. "Tarehe ya kuzaliwa *" inaonyesha 31/12/1990, lakini tazameni rangi: ni kijivu. Huo ni mfano tu, kisanduku ni kitupu, na watu wanapita wakidhani kimeshajazwa. "Mkoa *" umejazwa, ila "Wilaya *" imerudi kwenye "-- Chagua --", kwa sababu ukibadilisha mkoa, wilaya inafutwa kimyakimya. "Namba ya simu *" ina mstari mwekundu: "Namba si sahihi". Ianze na 0 au na msimbo wa nchi? Hawasemi.

Sasa shukeni chini. Viambatisho ni vitatu, vyote vina nyota: kitambulisho pande mbili (PDF, isizidi KB 500), picha (JPG, isizidi KB 200), uthibitisho wa makazi (PDF, isizidi KB 500). Kila kimoja kinasema "Hakuna faili lililochaguliwa". Vilikuwa vimeambatishwa! Kosa lilikuwa la simu, fomu ikarudisha ukurasa na kutupa mafaili yote matatu. Ukirekebisha simu ukabonyeza "Tuma", unaambiwa hujaambatisha kitu. Huku ni kumtesa mwananchi.

Mzee_wa_Kashe
Futa kashe, ujaribu kivinjari kingine. Na kama PDF inasumbua, badilisha jina la faili, .jpg iwe .pdf. Inapita.

FundiWaFomu
Mzee, kashe inasaidia pale ukurasa unapokwama au unapoonyesha toleo la zamani. Hapa ukurasa unafanya kazi, umetengenezwa vibaya. Kivinjari hakiruhusu tovuti yoyote kujaza yenyewe kisanduku cha faili. Ingeruhusiwa, tovuti ingeweza kujichukulia faili lolote kwenye kifaa chako. Kwa hiyo ukurasa ukirudi na kosa, maandishi yanaweza kurudishwa, mafaili hayawezi. Aliyeitengeneza alipaswa kukagua simu kabla ya kutuma, au kuhifadhi kila faili mara tu linapochaguliwa. Ingekuwa hivyo, kwenye skrinshoti tungeona jina la faili na kitufe cha "Ondoa". Hakuna.

Mpaka warekebishe: jaza maandishi yote, mkoa kabla ya wilaya, kagua rangi ya tarehe, ndipo uambatishe mwisho. Ukurasa ukirudi kwa kosa lolote, ambatisha upya vyote vitatu kabla ya kubonyeza tena.

Kubadilisha jina usifanye. Mfumo ukisoma ndani ya faili, PDF halisi inaanza na `%PDF-`, na picha iliyobadilishwa jina haina hiyo. Mfumo unaoangalia jina pekee utaipokea, halafu ofisa atashindwa kuifungua.

Kalamu_Nyekundu
Na ukubwa je? Skani ya kitambulisho imetoka MB 1.8.

FundiWaFomu
Skani upya. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa dpi 150 ni 1240 kwa 1754, yaani robo ya pikseli. Faili kwa kawaida hushuka karibu kiasi hicho, kwa hiyo MB 1.8 itakaribia KB 450. Ila vuta karibu usome namba za kitambulisho. Zikififia, punguza rangi iwe kijivu badala ya kushusha dpi zaidi.

Tumaini77
Mimi nimelipia tangu juzi na bado inaandika "Haijalipwa". Niambatishe risiti kwenye uthibitisho wa makazi?

FundiWaFomu
Hapana, ndugu. Hapo itakataliwa, na malipo ni ukurasa mwingine. Fungua uzi wako, uweke skrinshoti ya ukurasa wa malipo. Ziba namba ya kumbukumbu kwa kisanduku cheusi, usiweke ukungu, na usizibe majina ya visanduku, maana hayo ndiyo tunayosoma.

Dada_Mpangaji
Mmeruka orodha ya "Aina ya hati" juu ya uthibitisho wa makazi. Kwenye skrinshoti imefungwa, inaonekana "Bili ya umeme" tu. Ukiifungua kuna pia "Bili ya maji", "Mkataba wa pango" na "Nyingine". Ukichagua "Nyingine", hakifunguki kisanduku cha kueleza ni hati gani. Sisi ambao bili iko kwa jina la mwenye nyumba na mkataba ni wa mdomo tunachagua nini?

Mzee_wa_Kashe
Chagua bili ya umeme, hawaangalii jina.

Kalamu_Nyekundu
Mzee, usimwingize mtu kwenye kukataliwa. Dada, naongeza skrinshoti ya orodha ikiwa wazi kwenye uzi. Mwenye kujua barua ya serikali ya mtaa inapokelewa chini ya "Nyingine" aseme hapa.