Pawabenki ya papa imezuiwa kaunta: nani ana mfano wa barua ya ruhusa?

Mama Mapacha (Montreali), Jumapili jioni

Bandugu, jambo kwenu wote. Jana tulifika uwanjani masaa matatu kabla ya ndege. Papa anarudi Lubumbashi kwa miezi mitatu, kuna matanga ya dada yake kule mtaa wa Kamalondo na mambo ya kiwanja. Anabeba mashine yake ya CPAP ya kumsaidia kupumua akilala, simu mbili, laptopu, kamera, na pawabenki kubwa niliyomnunulia kwa ajili ya delestaji, umeme ukikatwa mashine isimzimikie usiku.

Kaunta wakaitoa ile pawabenki, wakaigeuza huku na huku. Imeandikwa 30000 mAh, basi. Binti wa kaunta akasema imepita kiasi, lazima kampuni ya ndege itoe ruhusa kabla ya siku ya safari. Nikamwuliza ruhusa inaombwa wapi, akanipa namba. Namba ikanielekeza kwenye fomu ya mtandaoni, na fomu mwishoni ikaniambia nipige namba ileile. Papa alikataa kuondoka bila umeme wa usiku, kwa hiyo tumesogeza tiketi hadi Jumamosi na tumelipa faini.

Naomba mwenye mfano wa barua hiyo anitumie. Anaiandika daktari au tunaiandika sisi? Na adapta, tuchukue ngapi?

Papa Bel-Air (Kwebeki), Jumapili usiku

Mwanangu, pole. Mimi nimerudi nyumbani mara sita, hakuna aliyewahi kuniomba barua. Iweke pawabenki kwenye sanduku linaloenda chini, katikati ya nguo. Kuhusu adapta, usinunue nyingi. Chukua moja tu, na ralonji yako ya matundu sita ya hapo nyumbani. Adapta inaingia kwenye prizi ya kule, ralonji inaingia kwenye adapta, na chaja zote za papa zinachomekwa bila kubadilisha kitu.

Fundi wa Otawa, Jumatatu asubuhi

Papa, kwa heshima yote, hayo mawili yasifuatwe na mtu yeyote humu.

La kwanza. Pawabenki haipandi sanduku la chini, hata iwe ndogo. Betri ya lithiamu ikishika moto juu, watu wanaiona na kuizima. Ikishika chini hakuna wa kuiona. Inakaa kwenye begi la mkononi. Kipimo wanachotazama ni Wh, yaani wati-saa, umeme wote uliomo ndani, hiyo mAh peke yake haiwaambii kitu. Zidisha mAh kwa 3.7 halafu gawa kwa 1000. Ya Mama Mapacha ni 30000 × 3.7 ÷ 1000, inatoka 111 Wh. Hadi 100 Wh unapita bila kuomba. Kuanzia 100 hadi 160 lazima kampuni ya ndege ikubali, na mwisho mbili kwa mtu. Juu ya 160 haipandi. Kwa hiyo binti wa kaunta hakukosea, aliyekosea ni aliyeshindwa kukuambia pa kuomba. Ya 20000 mAh ni 74 Wh, ingepita. Hakikisha Wh zimechapwa kwenye mwili wake, maana maandishi yakifutika wengine wanaikataa tu.

La pili ndilo linaniumiza zaidi. Adapta inabadilisha umbo la pini, haigusi volti. Hapa Kanada prizi ina volti 120, kule 220. Chaja ya simu haijali, kwa sababu imeandikwa hivi:

```
INPUT: 100-240V~ 50/60Hz
```

Lakini ralonji yenyewe, Papa, umeigeuza ukasoma nyuma? Nyingi za hapa zimeandikwa 125V, na zile zenye taa ndogo nyekundu ya PROTECTED zina kidude ndani kinachomeza umeme ukipanda ghafla. Kwa kidude hicho, 220 ya kawaida ya L'shi ni umeme uliopanda wa kumezwa, na unakuja bila kukoma. Kinachemka, kinapasuka. Niliona moja mezani kwa mjomba wangu kule Ruashi: tumeichomeka, ikalia kama jiwe dogo limegonga bati, moshi mweusi ukatoka kwenye tundu la pili, na plastiki ikavimba hadi pini ya adapta ikanasa humo. Hatukuwa tumewasha kitu chochote. Ralonji inunuliwe kulekule.

Mwana Katuba (Toronto), Jumatatu mchana

Ni kweli kabisa. Mimi nilipeleka mashine ya kunyolea kwa ndugu yangu mwenye saluni. Nilimpa adapta nzuri ya bei. Ilinguruma kama nyuki wengi, kichwa cha kwanza hakikuisha, ikafa. Nikaambiwa ninunue transfoma. Sasa ninauliza: transfoma ya wati 100 inatosha kwa kikaushio cha nywele cha dada yangu?

Fundi wa Otawa

Haitoshi hata kidogo. Soma wati za kikaushio, utakuta 1500 au zaidi. Transfoma ya kubeba mzigo huo ni chuma cha kilo nyingi, bei yake inazidi kikaushio kipya cha 220 pale mjini. Na ukikichomeka bila transfoma kwenye 220, hakili 1500 tena. Volti zikikaribia kuwa mbili kwa moja, joto linazidi mara tatu na kitu, wati kama 5000. Waya wake unakatika au unawasha pazia. Kila kitu kinachopasha joto kiache Kanada: kikaushio, pasi, birika.

Lakini Mama Mapacha hakuuliza kikaushio.

Yaya wa Kamalondo (Brusele), Jumatatu usiku

Mama Mapacha, pole kwa matanga. Sisi wa Ubelgiji hatuna shida ya volti, chaja zetu zinaingia kama zilivyo. Ila mtazame jambo moja. Nyumba za zamani za Kamalondo zina prizi ya shimo, na ndani ya shimo kuna pini ya chuma imesimama kutoka ukutani, ile ya ardhi. Adapta nene ya mviringo isiyo na tundu la kuipokea pini hiyo haiingii, hata uisukume kwa kiganja. Kaka yangu alishika kisu akataka kuikata ile pini, tukampokonya. Chukua adapta nyembamba yenye pini mbili za mviringo, au yenye tundu. Na kule dukani utakuta vitu vya Zambia vilivyopitia Kasumbalesa, vina pini tatu za mraba. Usishangae, kila nyumba ina kiadapta chake juu ya friji.

Nikisoma hii habari ya betri nachoka moyo. Kobalti iliyo ndani ya nyingi imechimbwa upande wa Kolwezi. Waya wa umeme wa bwawa la Inga unatembea karibu kilomita 1,700 kuja Kolwezi, tangu 1982, unapita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuona balbu. Na mtoto wa Katanga anasimamishwa kaunta kwa sababu ya betri ya kumsaidia baba yake apumue.

Papa Bel-Air

Yaya, umesema kweli. Wakati wetu tukikaa nje delestaji ikija, mbabula katikati, mama akichochea sombe, na nyota zote tunaziona. Lakini ule waya ulijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyetudanganya kwamba ni wetu.

Fundi, ralonji yangu haina taa nyekundu na imefanya kazi mara sita.

Fundi wa Otawa

Papa, isiyo na kinga haipasuki, ni kweli, nami ningesema hivyo mapema. Lakini bado imepimwa kwa 125V, swichi yake na taa yake pia. Siwezi kumwambia mtu alale karibu nayo.

Turudi kwa mzee. Mama Mapacha, geuza kile kisanduku cha umeme cha mashine, soma. Kikiwa 100-240V, adapta peke yake inatosha, transfoma ya nini. Sasa usiku bila umeme. Mashine ya mama mkwe wangu niliipima kwa mita ya prizi: bila kupasha maji ilikula kama wati 10, na maji yakipashwa ilikaribia 50. Masaa manane ya wati 10 ni 80 Wh. Masaa manane ya wati 50 ni 400 Wh. Kwa hiyo hata ile ya 111 Wh isingemfikisha asubuhi kama kipasha maji kimewashwa. Na mashine nyingi zinataka volti 24, pawabenki ya simu haizitoi. Uliijaribu usiku mmoja nyumbani?

Mama Mapacha, Jumanne asubuhi

Hatukuijaribu. Muuzaji alisema inafaa kila kitu. Kisanduku kimeandikwa 100-240V, na kutoa 24V. Papa analala na maji yakiwa moto tangu miaka miwili, bila hivyo koo linakauka.

Fundi wa Otawa

Basi usisafirishe betri ya usiku. Inunuliwe L'shi. Betri ya sola ya volti 12, 100 Ah, ni 1200 Wh. Kama ni ya risasi usiimalize, tumia nusu, 600 Wh. Bila maji moto ni usiku tano hivi, ukitoa kinacholiwa na inveta. Na maji moto ni usiku mmoja, tena kwa shida, kwa sababu inveta nayo inakula. Kwa hiyo: umeme ukiwepo, maji moto, ukikatika, papa azime kipashio na alale na hewa tupu. Waya wa 12V wa mashine yake, ule unaopandisha 12 kuwa 24, uagizwe kwa mtengenezaji wake, hapo inveta haihitajiki na hupotezi umeme mwingi.

Simu na kamera zitumie pawabenki ya 74 Wh mkononi. Ukitoa kinachopotea njiani, zinabaki kama 50. Simu yenye betri ya 5000 mAh inakula karibu 19, hivyo anajaza simu mbili na kidogo. Laptopu ijazwe umeme ukiwepo. Umeme ukirudi baada ya delestaji asichomeke papo hapo, angoje dakika tano, unarudi umepanda.

Mwana Katuba

Dakika tano ni chache. Kwetu Katuba friji mbili ziliungua dakika ya saba. Na jioni unashuka hadi 160, balbu inakuwa kama kaa.

Fundi wa Otawa

160 hiyo haiumizi chaja ya 100-240, inaumiza friji. Usichanganye.

Mama Mapacha, Jumatano

Aksanti sana. Kaka yangu amepata betri, anaiweka chini ya kitanda cha shangazi na fundi wa mtaa anakuja kuifunga kesho. Nimenunua pawabenki ya 20000, imeandikwa 74 Wh, nimeipiga picha. Waya wa 12V wanasema siku kumi, ndege ni Jumamosi.

Lakini papa hataki kuiacha ile ya 111. Anasema njiani, anabadilisha ndege Adisi masaa manane usiku, hajui kama atapata prizi ya kulalia. Kwa hiyo bado naomba: nani ana mfano wa ile barua?

Yaya wa Kamalondo

Mimi sina. Adisi lakini prizi zipo, za mviringo kama zetu.

Papa Bel-Air

Mwanangu, akifika Kamalondo amsalimie mzee wa duka la mkate karibu na soko, kama bado yupo.