Naomba ushauri: bei ya kabla ya soko kufunguliwa imeamsha kanuni yangu ya saa rasmi za soko

Wakuu, niko Kisumu, nina skripti inayofuatilia hisa za Marekani. Kanuni ni hii: bei ikishuka asilimia 5 chini ya bei ya kufunga ya jana, iuze. Jana ilifunga dola 50. Leo saa saba mchana, New York ikiwa alfajiri, hisa 10 tu zilibadilishana mikono kwa 47.20, skripti ikaniwekea oda ya kuuza. Wakati huo mnunuzi alitoa 47.10, muuzaji akitaka 50.60. Pengo hilo peke yake linakuambia hakuna soko. Lilipofunguliwa, bei ilikuwa 49.90, na hisa zangu zikauzwa bure.

Sasa nimeongeza hiki:

```python
ny = datetime.now(ZoneInfo("America/New_York")).time()
rasmi = time(9, 30) <= ny < time(16, 0)
```

Sikutumia saa ya Kenya kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao: soko hufunguliwa saa kumi na nusu jioni, majira mengine saa kumi na moja na nusu.

Kinachonitatiza: saa 9:30 ya New York ikifika, chanzo changu bado hurudisha bei ya mwisho ya alfajiri mpaka muamala mpya utokee. Je, nikague muhuri wa saa wa muamala wenyewe, au nisubiri dakika chache? Na siku soko linapofungwa mapema, saa 13:00 ya huko, mnazishughulikiaje?