Tupeane uzoefu: kugeuza lekcha ya ujasiriamali kuwa kanvasi ya ukurasa mmoja

Daftari Jekundu
Wakuu, jana nimemkuta mdogo wangu amekunja uso mbele ya kurasa 30 za lekcha ya ujasiriamali. Anatakiwa awe na kanvasi ya biashara ya ukurasa mmoja, ile karatasi ya visanduku tisa inayoeleza biashara nzima, kisha asimame mbele ya darasa aitetee kwa dakika tano. Alikuwa anapunguza ukubwa wa herufi ili vyote vienee. Nikajiona mwenyewe miaka ile. Ninyi mliopita hapo, mlifanyaje?

Kalamu Kavu
Herufi ndogo! Na sisi tulianzia hapohapo.

Mama Semista
Naandika kirefu, mnivumilie, maana jambo hili bado linaniuma.

Kundi letu tulikuwa watano. Tuligawana slaidi, kila mtu akafupisha zake, tukabandika kwenye visanduku tisa. Kwenye thamani tukaandika "ubora wa juu na bei nafuu". Kwenye wateja, "wanafunzi na jamii kwa ujumla". Njia za kuwafikia, "mitandao ya kijamii". Mapato, "mauzo". Tulipendezwa nayo, ikachapwa kwa rangi.

Siku ya kuwasilisha likatangulia kundi lingine. Wao walikuwa na biashara ya kufundisha lugha, sisi ya kukodisha makoti ya maabara. Wakafungua kanvasi yao, nikahisi jasho mgongoni. Visanduku saba kati ya tisa vilikuwa na maneno yaleyale, hadi mpangilio wake! Tuliposimama sisi, darasa likaguna. Mwalimu akasimamisha zoezi, akauliza nani amenakili kwa nani. Mwenzetu mmoja akalia palepale.

Chura wa Bwawani
Subiri kwanza. Nani aliiba?

Kalamu Kavu
Lazima kuna mtu wa kundi lenu aliyewapelekea. Huyo aliyelia ndiye wa kumuuliza.

Mama Semista
Hakuna aliyeiba, na naomba usimseme vibaya mwenzangu, alilia kwa sababu alikesha akiichora. Makundi yote mawili tulinakili slaidi zilezile. Kanvasi yetu ingefaa biashara yoyote duniani, kwa hiyo haikuwa ya biashara yetu. Mwalimu alituelewa, lakini swali lake la pili ndilo lililotumaliza: "Koti moja mnalinunua kwa kiasi gani, na linarudisha fedha yake lini?" Watu watano, hakuna aliyejua.

Chura wa Bwawani
Bado naona kuna mtu alivujisha. Visanduku saba si bahati mbaya.

Fundi Namba
Chura, si bahati mbaya kweli, ni slaidi moja. Mimi nasaidia makundi ya namna hii kila mwaka na hali hiyo naiona sana.

Dada Mama Semista, naomba nitumie makoti yenu, ni mfano mzuri. Lekcha ina maelezo, kanvasi inataka majibu. Kwa hiyo usifupishe lekcha. Chukua kila kichwa cha habari ukigeuze kuwa swali linalowahusu ninyi. Slaidi ikisema "kugawanya soko", swali ni: nani hasa atavaa koti letu wiki ya kwanza? Si wanafunzi wote. Ni mwaka wa kwanza wenye somo la maabara kwa semista moja tu, ambao kununua koti kwao ni hasara. Hapo thamani inajiandika yenyewe: "usinunue koti utakalolivaa semista moja". Hiyo huwezi kuikuta kwa kundi la lugha.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano tu. Koti linanunuliwa 120, linakodishwa 40 kwa semista. Kwenye mahusiano na wateja mkiandika kwamba mtawafulia kila wiki mbili, semista ya wiki 14 ina kufua mara 7. Kila kufua ni 4, jumla 28. Kwenye ile 40 inabaki 12, na koti linarudisha fedha yake baada ya semista 10. Hiyo ni miaka mitano kama mna semista mbili kwa mwaka, na koti huenda limeshachakaa. Badilisheni kisanduku kimoja: mwanafunzi ajifulie, ninyi mfue mara moja tu linaporudishwa. Inabaki 36, na katika semista ya nne fedha ya koti imesharudi. Bado sijahesabu yatakayopotea.

Ndiyo maana visanduku viko kwenye karatasi moja. Ukigusa mahusiano upande wa kulia, shughuli za kushoto zinabadilika na kisanduku cha gharama kilicho chini nacho kinabadilika. Mkimgawia kila mtu visanduku viwili akajaze kwake, hakuna atakayeona hilo.

Karatasi Moja
Nakubali, ila kanuni ni kuanza na kisanduku cha katikati, cha thamani. Ndiyo maana kikawekwa katikati.

Fundi Namba
Kukaa katikati hakukifanyi kuwa cha kwanza, ndugu. Kimekaa pale kwa sababu kinaunganisha wateja wa kulia na utendaji wa kushoto. Aliye na teknolojia mkononi anaweza kuanzia kushoto kwenye rasilimali. Kwa darasa, mimi huanza na wateja, kwa sababu ukianza na thamani bila kujua ni ya nani ndipo unapata "ubora wa juu".

Karatasi Moja
Sisi tulianza katikati na tukapata alama nzuri. Sibadiliki.

Mjomba Hesabu
Na mtaji mnauweka wapi? Mimi nilinyimwa mkopo kwa sababu makadirio ya miaka mitatu hayakuwemo.

Daftari Jekundu
Mjomba, pole sana, lakini huo ni mpango wa biashara wa kupeleka benki. Hapa ni ukurasa mmoja wa darasani.

Tisa Bila Moja
Swali langu ni la kweli. Lekcha yetu ilikuwa na kurasa sita za washindani. Nimetafuta kisanduku chao sijakiona. Niwatupe?

Fundi Namba
Hawana kisanduku kwenye kanvasi hii tunayoiongelea, ya Osterwalder. Usiwatupe, waweke mdomoni, maana utaulizwa. Sifa za mjasiriamali na historia ya ujasiriamali ndizo za kuacha kabisa.

Kalamu Kavu
Tumia ile kanvasi nyingine ya Ash Maurya basi, ina kisanduku cha tatizo na cha faida isiyoigika kirahisi. Hiyo ya Osterwalder imepitwa.

Karatasi Moja
Haijapitwa. Maurya aliondoa washirika, shughuli, rasilimali na mahusiano. Makoti bila mfuaji na bila shughuli ya kufua utayaelezaje? Na kama mwalimu ameagiza moja, ukimletea nyingine unajitafutia makosa.

Kalamu Kavu
Kwa hilo la mwalimu, sawa. Ushauri wangu mwingine: andikeni kwenye karatasi ndogo za kubandika, wazo moja kwa karatasi, kwa kalamu nene. Kalamu nene haikubali sentensi ndefu.

Mama Semista
Hilo la kalamu ningelijua! Tulipopewa nafasi ya pili tulieleza kama safari ya mwanafunzi mmoja: anaona tangazo la maabara, anachukua koti, analipa, analirudisha. Kila hatua tunagusa kisanduku chake, na gharama tukamalizia.

Tisa Bila Moja
Mlionyesha kanvasi nzima tangu mwanzo, au kisanduku kimoja kimoja?

Mama Semista
Kimoja kimoja. Nzima wanaanza kusoma, hawakusikilizi.

Fundi Namba
Mimi huwaambia waionyeshe nzima. Ukificha, hawaoni vinavyoshikana.

Daftari Jekundu
Mdogo wangu ameshafuta kila kitu. Amebaki na kisanduku cha wateja, na bado kimeandikwa "vijana". Namuuliza vijana gani, amenuna.