Mrejesho: maneno ya picha ya gauni la harusi

Niliuliza: "Wakuu, mimi fundi cherehani. Niandike nini chini ya picha ya gauni la bibi harusi, nijivunie bila kujisifu?"

Ahsanteni sana. Nilimfuata aliyesema nitaje kazi ya mkono, nikaandika, kwa ruhusa ya mwenye gauni:

"Lesi tumeikata ua kwa ua, tukaishona kwa mkono juu ya neti ili mshono wa ubavuni usionekane. Hongera bibi harusi wetu, umelipendezesha gauni!"

Watu wameulizia huo mshono hasa, na mmoja kashaleta kitambaa. Ushauri wa kutotaja bei ndio uliogoma: maoni yalijaa "bei gani fundi?" Nimeongeza bei ya kuanzia mstari wa mwisho, yamepungua.