Mrejesho: ile 1440 rpm ya mota ya poshomili

Swali langu lilikuwa: "Mota ya poshomili huku Nakuru imeandikwa 1440 rpm, naipeleka aje kwa rad/s na digrii kwa sekunde, na mkanda unakimbia kasi gani kama puli ina nusu kipenyo cha sentimita 10?"

Sasa wadau, imeingia. Kwanza toa dakika, yaani 1440 ÷ 60 ni mizunguko 24 kwa sekunde, ukishafika hapo kazi imeisha nusu, maana mzunguko mmoja ni digrii 360 ama radiani 2π, so 24 × 360 = 8640 digrii kwa sekunde, na 24 × 2π = kama 150.8 rad/s.

Utamu uko kwa mkanda. v = rω inataka radiani peke yake, 0.1 × 150.8 inatoa kama 15 m/s. Ukiweka 8640 unapata 864 m/s, mkanda unapita mbio za sauti mara mbili na zaidi, hiyo poshomili gani jameni! Na kubonyeza DEG ama RAD kwa kalkuleta hakubadilishi kitu hapa, hakuna sin wala cos.

Kuangalia haraka: rpm gawa kwa 9.55, ni rad/s hiyo.